Bei ya gunia kwenye habari siyo hela ya mkulima: namna ya kuandika habari ya bei ya mahindi mpaka mtu aweze kuamua auze lini

Mwaka wangu wa pili wa kuripoti niliandika habari fupi tu, kichwa kikasema mahindi yapanda Dar, gunia lafika 78,000. Ikasomwa redioni jioni, mi nikalala vizuri nikijua kazi nimefanya. Wiki mbili mbele mama mmoja wa kijiji cha huku Songea akanitafuta kwa simu mpaka akanipata, akaniuliza mwanangu, si wewe uliyesema mahindi sabini na nane? Kumbe kuna mnunuzi alimfuata mpaka mlangoni na 45,000 akamkataa kwa sababu kasikia redio, akachanga hela na mwenzake wakakodi gari wakapeleka gunia 12 Songea mjini, wakafika wanaambiwa 50,000, wakatoa ya gari, ya kupakia, ya kushusha, ya dalali, na kilichobaki mkononi kwa kila gunia kikawa pungufu ya ile 45,000 ya mlangoni.

Na namba yangu ilikuwa sahihi kabisa, ndo kinachouma. Niliitoa kwenye jedwali la serikali, sikukosea hata sifuri. Ila ilikuwa bei ya mtu mwingine, mahali pengine, kwa mzigo mwingine, na mi nikaisoma kama vile ni ya kila mtu mwenye mahindi ndani. Kwahiyo hapa naeleza nilichojifunza baada ya simu ile, kwa wale mnaoandika habari za kilimo kwenye redio za jamii, magazeti, hata nyie mnaorusha bei kwenye magrupu ya wasapu, maana siku hizi habari nyingi za bei zinapita huko. Nitatumia mahindi ya Ruvuma kwa sababu ndo niyajuayo. Bei zote za mfano nitakazoweka ni za kufanyia hesabu tu, usizichukue ukazirusha kama bei ya leo.

Tuanze na lile jedwali lenyewe. Wizara ya Viwanda na Biashara hutoa bei za jumla za mazao makuu ya chakula, mahindi, mchele, maharage, mtama, ulezi, viazi mviringo na mengine, kwa masoko ya mikoani. Zinaandikwa kwa gunia la kilo 100 na kila soko lina namba mbili, bei ya chini na bei ya juu. Ripota mvivu (nilikuwa huyo) anachukua ya juu ya soko kubwa kuliko yote kwa sababu inapendeza kwenye kichwa cha habari. Sasa bei ya jumla ya Dar ni ile mfanyabiashara anamuuzia mfanyabiashara mwenzake au mwenye mashine ya kusaga, mzigo ukiwa umeshafika, umeshapakiwa, umeshasafiri na ushuru umeshalipwa. Kati ya pale na mlango wa yule mama kuna mlolongo wa watu, na kila mmoja anakata chake, wala siyo wizi, gari linakunywa mafuta na vijana wa kupakia wanakula. Kwahiyo kwa msikilizaji wa kijijini soko la kwanza kwenye habari liwe lile anaweza kulifikia yeye mwenyewe na gunia zake kumi, ambalo hapa ni Songea mjini. Dar ije baadaye kama habari ya nyongeza, inaonyesha upepo unaelekea wapi, basi.

Na kwenye soko hilo la karibu namba ya kutumia ni ile ya chini. Ya juu mara nyingi ni ya mzigo mkubwa, mkavu, uliochekechwa, wa mtu anayejuana na wanunuzi. Anayeingia sokoni na gunia 12 kwenye gari la kukodi ambalo dereva wake anapiga honi anataka kuondoka hana ubavu wa kusubiri bei ya juu. Nikiandika sasa nataja zote mbili ila hesabu naifanya na ya chini, akipata zaidi ni heri yake.

Kabla hujaiamini namba ichunguze kidogo. Ukiona soko limeandikwa bei ile ile, mpaka shilingi ya mwisho, wiki ya tatu mfululizo wakati watu wako kwenye mavuno, jua kuna uwezekano mwenye kukusanya hakwenda sokoni, kanakili ya wiki iliyopita. Ukiona pengo la chini na juu ni kubwa ajabu, uliza kama hawajachanganya mahindi mapya yenye unyevu na ya zamani makavu. Na ukiona tofauti ya Songea na Dar ni ndogo kuliko nauli ya gunia kwenye lori, kuna kitu hakiko sawa, labda moja ya namba imechelewa, kwa sababu hakuna mfanyabiashara atakayesafirisha mzigo kilomita karibu elfu moja ili apate hasara. Halafu tarehe. Bei imekusanywa Jumatatu, imetoka Alhamisi, wewe unaisoma Jumamosi na kusema bei ya sasa, hapo umeshadanganya. Sema Jumatatu tarehe fulani, imetosha.

Haya, sasa kipimo, na hapa ndo penye utata wenyewe. Jedwali linasema kilo 100 ila kijijini hakuna anayeuza kilo 100. Watu wanauza debe. Wengi wanahesabu debe 6 kwenye gunia, yaani debe lililofutwa juu kwa ubao linakuja kama kilo 17 hivi. Mnunuzi akija halifuti, analijaza mpaka linatoka nundu na mahindi yanaanza kumwagika pembeni, hapo limeshafika kilo 19 au kupita. Tuchukue debe ni 8,000. Likifutwa mkulima kauza kilo kwa shilingi kama 470. Likiwa na nundu kauza kwa 421. Bei iliyotajwa ni moja, wote wawili watakwambia nimeuza debe buku nane, ila mmoja kaacha karibu shilingi 50 kwa kila kilo na hana habari. Lumbesa ni hadithi ile ile, gunia la 50,000 lililoshonewa kilemba mpaka likabeba kilo 120 ni sawa na kuuza kilo kwa 417 badala ya 500. Lumbesa imekatazwa, na Wakala wa Vipimo wako pale kwa kazi hiyo, ila nenda mnadani ukaone.

Kwahiyo habari yako lazima iwe na bei ya kilo, hata kama kila mtu kijijini anaongea debe. Taja debe ili watu wajitambue halafu igeuze kilo palepale, kwenye sentensi hiyohiyo, na useme ni debe la kufuta au la nundu. Ukipata nafasi beba mzani wa kuning'iniza siku moja, pima debe tatu za wanunuzi watatu, utapata habari nzuri kuliko zote za msimu huo na utapata maadui pia.

Namna ya kuuliza nayo ina ujanja wake. Ukimuuliza mtu "bei ikoje huku" atakujibu kwa nia yake. Mnunuzi atakutajia ndogo, maana anajua wewe ni redio na kesho atakwenda vijijini na hiyo namba mkononi. Mkulima atakutajia aliyoisikia jana kwa shemeji yake. Mi nauliza hivi: mara ya mwisho umeuza lini, debe ngapi, na umelipwa shilingi ngapi mkononi. Kitu kilichokwisha kutokea ni kigumu kukitia chumvi. Namuuliza mkulima aliyeuza wiki hiyo, namuuliza mnunuzi, namalizia na dereva wa fuso kwa sababu yeye hana mahindi na anajua nauli, anajua nani kapakia wapi, na wanapenda kuongea sana wakiwa wanasubiri mzigo. Wakipishana kidogo napata picha, wakipishana sana bado sijamaliza kazi. Na swali la mwisho ambalo ripota wengi wanalisahau ni je, wanunuzi wapo? Kuna wiki bei inaandikwa 50,000 na sokoni kuna gunia mia zimelala siku nne hakuna wa kuzigusa, hiyo siyo bei, hayo ni matumaini ya mwenye mali.

Tukishakuwa na namba tupige hesabu ya yule mama, kwa sababu kwenye hesabu hii ndo habari nzima ilipo. Songea mjini bei ya chini 50,000 kwa kilo 100. Kumfikisha sokoni: gari 3,000 kwa gunia, kupakia na kushusha 1,000, gunia tupu 1,000, dalali 1,000. Jumla 6,000. Anabaki na 44,000, yaani 440 kwa kilo. Sasa rudi kijijini kwa mnunuzi wa debe. Akilifuta debe mkulima anapata 470 kwa kilo, kwahiyo kuuza mlangoni kunamlipa kuliko kwenda mjini. Likiwa na nundu anapata 421, mjini kunalipa. Umeona? Bei ya mlangoni ni ile ile 8,000, bei ya mjini ni ile ile 50,000, kinachoamua aende au abaki ni nundu ya debe. Hakuna jedwali litakalokwambia hilo, ni wewe ripota uliyekwenda na mzani.

Mpaka hapo tumejibu auze wapi. Auze lini ndo ngumu zaidi, na ndo wanachotaka kusikia.

Kila mtu anajua mahindi ya nyanda za juu kusini yanavunwa kuanzia Mei mpaka Agosti, kila nyumba ina mahindi na kila nyumba ina madeni, bei inalala. Halafu inaanza kunyanyuka kidogo kidogo, na ikifika Januari mpaka Machi, watu wameshapanda, ghala zimepungua na mapya bado, inakuwa juu. Ndo maana ripota anaandika kirahisi tu "wakulima washauriwa kutouza mazao kwa pupa" na anaona kamaliza. Sentensi hiyo naichukia, samahani. Anayeuza Juni kwa bei ya hasara mara nyingi hana pupa yoyote, anadaiwa ada, anadaiwa mbolea, na mtoto anaumwa. Badala ya kumwambia asubiri mwambie akisubiri bei inatakiwa ifike ngapi ndo asipate hasara. Hiyo naiita bei ya kurudisha, na kila mmoja anaweza kujipigia yake.

Tuipige. Leo Julai akiuza mjini anabaki na 44,000. Akiweka mpaka Januari kuna gharama tatu. Ya kwanza ni kuhifadhi: mfuko wa PICS, ule wenye nailoni mbili ndani na kiroba nje unaofungwa hewa isiingie wadudu wakafa, tuseme ni 5,000 na anautumia misimu miwili, kwahiyo 2,500 kwa msimu. Ya pili ni upungufu, hata ukihifadhi vizuri nafaka inapungua, tuseme kilo 3 katika 100, anabaki na 97. Ya tatu, ambayo hakuna anayeiandika, ni bei ya hela yenyewe, yaani ile 44,000 ambayo hakuipata Julai ataitoa wapi?

Chukua wakulima wawili majirani. Wa kwanza ana mbuzi kauza, ada kalipa, hadaiwi. Januari anahitaji arudishe 44,000 yake, na 2,500 ya mfuko, na 6,000 ya kufika sokoni, jumla 52,500, aipate kwenye kilo 97. Gawanya, inakuja 541 kwa kilo. Yaani bei ya Songea mjini ikipita kama 54,000 kwa gunia yeye ameanza kula faida. Ni kupanda kwa asilimia 8 tu, miaka mingi inafika.

Jirani yake ada hana, kwahiyo ili asiuze Julai anakopa 44,000 kwenye kikundi, riba asilimia 5 kwa mwezi, 2,200 kila mwezi, miezi sita ni 13,200. Jumla yake inakuwa 65,700, kwenye kilo zile zile 97, ni 677 kwa kilo. Huyu anahitaji Songea ifike karibu 68,000 ndo awe hajafanya kazi ya bure, hapo bei imepanda kwa zaidi ya theluthi. Kijiji kimoja, mahindi ya shamba la jirani, mmoja 54,000 mwingine 68,000. Na redio inawaambia wote wawili subirini bei itapanda! Bei inaweza ikapanda kweli mpaka 62,000, wa kwanza akakushukuru na wa pili akakutukana, wote wako sahihi.

Ukiweka na mdudu dumuzi humo inabadilika tena. Mtu wa kwanza asiponunua mfuko akaweka kwenye viroba vya kawaida bila dawa, dumuzi akaingia akamlia kilo 15 katika 100, anabaki na kilo 85 za kurudisha 50,000, hiyo ni 588 kwa kilo, yaani anahitaji soko lifike karibu 59,000. Kaokoa 2,500 ya mfuko, bei yake ya kurudisha imepanda kama 4,700. Na hapo sijahesabu kwamba mahindi yenye matundu mnunuzi anayashusha bei. Unyevu nao vilevile, nafaka iliyozidi asilimia 13.5 ukiifungia kwenye mfuko usiopitisha hewa unafungia fangasi na sumukuvu, ukija kufungua inanuka. Kama hakuna kipimo wazee wanatumia chupa kavu na chumvi kavu, unatia mahindi na chumvi unatikisa kama dakika moja unaacha yatulie, chumvi ikiganda kwenye kioo bado hayajakauka. Weka sentensi moja ya hilo kwenye habari yako, siyo tatu, habari ni ya bei.

Sasa msikilizaji ana bei yake ya kurudisha, anauliza swali la haki, je, itafika? Hujui. Mi sijui, ofisa kilimo hajui. Unachoweza kumpa ni ilivyokuwa. Tafuta bei ya Songea, soko lile lile, Julai na Januari iliyofuata, kwa miaka mitano au zaidi, halafu usimpe wastani. Wastani unaficha. Hebu tuseme miaka mitano ilipanda asilimia 60, 45, 40, 5, na mwaka mmoja ikashuka 20, wastani wake ni asilimia 26, na hakuna hata mwaka mmoja uliokuwa 26! Mwambie hivi: katika miaka mitano, mitatu ilipanda zaidi ya theluthi, mmoja ilipanda kidogo sana, mmoja ilishuka. Mkulima anaelewa hesabu ya namna hiyo haraka kuliko asilimia, ni kama anavyohesabu miaka ya mvua. Yule mwenye mkopo anaona palepale kwamba miaka miwili kati ya mitano angeumia.

Na ile miaka inayoharibika ieleze ilikuwaje, maana mara nyingi haitokani na mvua peke yake. Mwezi Juni 2017 serikali ya Tanzania ilizuia mahindi kupelekwa nje, na mavuno yalikuwa mazuri, soko la nje limefungwa na mahindi yamejaa ndani, waliohifadhi wakisubiri Januari wakakuta bei imelala tu. Machi 2021 Kenya nayo ikazuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, siku chache baadaye ikafungua kwa masharti ya cheti na kiwango cha sumu. Kwa aliyeuza mwezi mmoja kabla hiyo ni habari ya taifa, kwa aliyekuwa na gunia 30 ndani ni ada ya mtoto. Kwahiyo kila ukiandika bei jiulize mpaka uko wazi au umefungwa, vibali vya kusafirisha nje vinatoka au vimesimama, na kule kaskazini mvua za vuli zikoje, maana vuli ikivunwa vizuri Januari na Februari inaingia sokoni wakati uleule ambao mkulima wa kusini anategemea bei iwe juu.

NFRA nayo, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Ikitangaza bei yake ya kununua magazeti yote yanaandika bei na kuishia hapo. Bei ya NFRA ina masharti, mahindi yawe makavu, yamechekechwa, hayana takataka wala punje zilizooza, unapeleka mwenyewe kituoni, na bajeti ya msimu ikiisha kituo kinaacha kununua hata kama foleni bado ipo. Habari inayofaa inasema kituo cha karibu kiko wapi, foleni ina siku ngapi leo, mzigo unakataliwa kwa sababu gani hasa, na waliouza wiki iliyopita wameshalipwa au bado. Hilo la mwisho muulize mkulima mwenyewe, usitosheke na tangazo. Bei nzuri inayolipwa baada ya wiki sita kwa mtu anayelipa riba kila mwezi siyo bei ile ile tena, unaikata riba kama tulivyofanya juu.

Kuna kitu kingine cha pembeni ila kinanifikirisha. Utafiti mmoja wa Kenya Magharibi uliochapishwa 2019 uliwapa wakulima mikopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza, wakafaidika kweli, faida ya kama asilimia 29 ya mkopo. Ila pale ambapo wengi wa eneo moja walipata huo mkopo faida ya mmoja mmoja ilipungua, maana mahindi mengi yalibaki ghalani wakati wa mavuno na mengi yakatoka pamoja baadaye, pengo la bei likajifinya. Sasa redio inasikika wilaya nzima. Ukiwaambia wote wauze Januari, Januari yenyewe inabadilika. Ndo sababu nyingine ya kutoa hesabu na kuacha ushauri, kwa hesabu watu watatawanyika wenyewe kila mtu na mwezi wake, wengine watauza nusu sasa ya kulipa deni na nusu waache, na wengi wenye akili ndo wanachofanya tayari.

Basi habari yenyewe inakaaje ukishaiandika? Mi ningeiandika hivi, namba ni zile zile za mfano:

"Mkulima wa mahindi aliyepeleka gunia la kilo 100 Songea mjini Jumatatu iliyopita alibaki na kama 44,000 mkononi baada ya gari, kupakia, gunia tupu na dalali. Bei ya jumla ya soko siku hiyo ilikuwa kati ya 50,000 na 56,000. Vijijini wanunuzi wanatoa 8,000 kwa debe. Debe likifutwa hiyo ni karibu 470 kwa kilo, zaidi ya anachobaki nacho anayekwenda mjini. Likijazwa nundu inashuka mpaka 421, chini ya mjini.

"Kwa anayefikiria kuhifadhi mpaka Januari, asiye na deni na anayetumia mfuko usiopitisha hewa anaanza kupata faida soko likipita 54,000. Anayekopa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi ili asiuze sasa anahitaji lifike karibu 68,000. Katika miaka mitano iliyopita, kutoka Julai mpaka Januari, bei ya Songea ilipanda zaidi ya theluthi mara tatu, ilipanda kidogo mara moja, na mara moja ilishuka. Mpaka Jumatatu wanunuzi walikuwepo sokoni na mzigo ulikuwa unatoka siku hiyohiyo."

Ni fupi, inasomeka redioni kama dakika moja na nusu hivi, na haina neno hata moja la kumwambia mtu afanye nini. Mhariri wangu wa kwanza angelalamika kwamba haina kauli ya kiongozi. Ni kweli haina. Kauli ya mkuu wa wilaya akiwataka wakulima wasiuze holela inaweza kuingia kama kuna nafasi, chini kabisa, ila isichukue nafasi ya gharama ya gari. Redioni zile namba zisome polepole na urudie tatu tu, 44,000 na zile bei mbili za kurudisha, maana msikilizaji hana karatasi, yuko anapukuchua mahindi. Kwenye wasapu usiandike bei bila tarehe ndani ya sentensi yenyewe, kwa sababu meseji itazunguka mwezi mzima na mtu wa Mbinga ataipata Septemba akidhani ni ya asubuhi.

Maneno nayo yaangalie. "Bei yapaa" mwezi wa Desemba siyo habari kama inapaa kila Desemba, linganisha na Desemba iliyopita siyo na wiki iliyopita. "Bei yaporomoka" Julai vilevile. Na ukisema bei nzuri, nzuri kwa nani? Huku huku kijijini kuna watu mahindi yao yaliisha Oktoba na wananunua debe kama mtu wa mjini, kwao 68,000 ni kilio.

Wiki inayofuata usianze habari mpya kabisa. Anza na ile ya zamani: wiki iliyopita tulisema 44,000 mkononi, wiki hii imekuwa ngapi, kilichobadilika ni bei ya soko au ni nauli baada ya mvua kukata barabara. Gharama za njiani zinabadilika kimyakimya kuliko bei, na ripota wengi wanazipima mara moja Mei halafu wanaendelea kuzitumia mpaka Krismasi. Na ulipokosea taja umekosea wapi kwa namba. Yule mama nilimpigia baadaye nikamsomea hesabu yote, gari tatu, kupakia moja, gunia moja, dalali moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia dalali hakuchukua elfu moja mwanangu, alichukua elfu moja na mia tano.